Picha ya moyo kwa watoto: tuseme kwanza wapi pa kukata

Mwalimu mwenye simu na intaneti anaweza leo kuagiza programu ya akili bandia imchoree moyo kwa somo la mwili wa binadamu. Ni jambo zuri, hasa pale ambapo darasa zima linagawana kitabu kimoja. Lakini akiandika tu "moyo kwa watoto", atapata kopa lenye macho na tabasamu, ao moyo mzima unaoonekana kwa inje. Ndani, ambako ndiko kuna somo, hakuonekani.

Maoni yangu ni kwamba agizo lianze na kisu. Useme moyo umekatwa wapi na mtazamaji amesimama wapi. Kwa mfano: "Moyo wa binadamu uliokatwa wima, unatazamwa kutoka mbele. Vyumba vinne wazi, viwili juu, viwili chini. Ukuta wa kati mzima, hauna tundu. Upande wa kuume wa moyo uwe kushoto kwa picha, rangi ya bluu. Upande wa kushoto uwe kuume kwa picha, rangi nyekundu. Mistari minene, nyuma nyeupe, bila maandishi yoyote."

Kwa nini bila maandishi? Kwa sababu programu hizi zinaweza kuandika maneno yasiyokuwepo katika luga yoyote, ao kuelekeza mshale mahali pabaya. Majina mwalimu ayaandike mwenyewe kwa stilo kabla ya kupiga fotokopi.

Picha ikitoka, usiitazame uzuri wake. Weka kidole na ufuate damu. Inatoka mwilini, inaingia chumba cha juu cha kuume, inashuka chini, inapanda kwenda kwenye mapafu. Kutoka mapafu inarudi chumba cha juu cha kushoto, inashuka, kisha inatoka kwa mshipa mkubwa, aota, kwenda mwilini. Kidole kikikwama njiani, ao kikivuka kutoka bluu kwenda nyekundu bila kupita mapafu, picha hiyo ni ya kutupa.

Kosa linalojificha zaidi liko kwenye mishipa ya mapafu. Ule unaotoka moyoni kwenda mapafu unapaswa kuwa wa bluu, na ile inayorudi iwe nyekundu. Programu inaweza kugeuza. Tazama pia ukuta wa chumba cha chini cha kushoto: ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kuume, kwani kinasukuma damu hadi vidole vya miguu. Kuta zikilingana, mtoto hataona sababu hiyo.

Na watoto waambiwe kwamba bluu ni alama tu ya wachoraji. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokoza. Mtoto ambaye hajaelezwa hivyo atakuandikia kwenye mtihani kwamba tuna damu ya bluu, naye atakuwa ameinakili sawasawa kutoka kwa tablo.