Mwizi wa waifai sasa lazima abishe hodi
Watu wengi hufanya namba ya simu kuwa nenosiri la waifai. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu 8 za kukisia, yaani namba milioni 100. Katika ulinzi wa waifai wa WPA2, mtu aliyekaa nje ya ukuta hunasa salamu ambazo simu yako hupeana na ruta inapojiunga, kisha huenda nazo kwake. Huko kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hulinganisha kisio baada ya kisio na rekodi ile, laki kadhaa kwa sekunde, na baada ya dakika chache nenosiri limejulikana. Ruta yako haina habari. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imeziba njia hiyo. Kila upande huchanganya nenosiri na siri yake mpya ya bahati nasibu, hivyo aliyenasa mazungumzo hana cha kulinganisha na makisio yake. Akitaka kujaribu, lazima aiulize ruta yenyewe, kisio kimoja kila mara. Hata ikimjibu kila sekunde, namba milioni 100 zitamchukua zaidi ya miaka 3. Nenosiri kama 12345678, hata hivyo, litaanguka katika majaribio ya mwanzo. Tena ruta nyingi huachwa kwenye hali ya mseto, WPA2/WPA3, ili simu za zamani ziingie, na simu hizo zikijiunga, salamu za kale hunaswa vilevile. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako leo, na kama vifaa vyako vyote vinakubali WPA3, chagua WPA3-Personal peke yake.