Mfanyabiashara wa Kahama, hesabu siku kabla ya gigabaiti

Mnunuzi wa mpunga wa Kahama hakubali gunia kabla halijapimwa. Lakini mtu huyo huyo akilipia hifadhi ya nakala za hesabu zake mtandaoni, huuliza jambo moja tu: ni gigabaiti ngapi? Kwa maoni ya safu hii, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: faili likifutwa leo, nina siku ngapi za kulirudisha?

Kwa huduma nyingi za bei ya kawaida, jibu ni siku 30. Google Drive hufuta kabisa kilichokaa kwenye pipa la taka siku 30. Dropbox ya mtu binafsi ina muda huo huo. Kwa mpiga picha huenda zinatosha. Kwa mwenye duka zina hatari, kwa sababu kosa la hesabu halionekani siku linapofanyika.

Tuchukue mfano. Karani wa ghala la mchele anakuta folda ya ankara za Desemba, anadhani imejirudia, na kuifuta tarehe 2 Machi. Kwa kuwa kompyuta imeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni, nakala ya huko nayo inaingia pipani. Tarehe 1 Aprili siku 30 zinatimia. Mhasibu anakuja tarehe 15 Aprili kufunga mahesabu ya mwaka, na folda haipo popote. Hakuna mashine iliyoharibika wala mwizi aliyeingia. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa. Ila Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake miaka 5.

Kuna na kosa lisilofuta kitu. Karani anaandika hesabu za Februari juu ya zile za Januari katika faili lile lile la Excel, kisha analihifadhi. Hapo pipa halisaidii; kinachosaidia ni matoleo ya nyuma ya faili. Google Drive huyatunza kwa faili la namna hiyo siku 30 au matoleo 100, isipokuwa mwenyewe afungue `Manage versions` na kuchagua `Keep forever`. Basi kila mwezi ukishawasilisha ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20, liwekee alama hiyo faili la mwezi uliofungwa. Ni kazi ya dakika moja.

Diski ya nje nayo ina mtego wake. Wengi huweka humo picha za risiti za mizani, kisha huifungia kabatini. Huduma kama Backblaze huinakili diski hiyo, lakini katika mpango wa siku 30 inataka ichomekwe walau mara moja katika muda huo. Iliyochomekwa mwisho tarehe 10 Januari, kufikia tarehe 9 Februari huhesabiwa kama imeondolewa, na nakala zake hufutwa. Kampuni hiyo inatoa pia chaguo la historia ya mwaka mmoja. Mwenye diski ya kabatini asichague pungufu ya hapo.

Linabaki suala la kasi. Gigabaiti 200 kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde huchukua saa 111, yaani zaidi ya siku 4 na nusu, iwapo laini haikatiki na bando haliishi. Nayo hukatika: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini kote. Lakini vitabu vya hesabu vya duka mara nyingi havizidi gigabaiti 2, na hizo kwa kasi ile ile hushuka kwa saa 1 na dakika 7 hivi. Kwa hiyo tenga folda ya hesabu peke yake, uirejeshe kwanza, na picha zifuate usiku.

Msimamo wetu ni huu. Mpango wa siku 30 ni kinga ya kosa la jana, si ghala la kumbukumbu. Anayeweza achukue wa mwaka mmoja. Asiyeweza anunue diski ya pili, anakili hesabu kila mwezi unapofungwa, na kuiweka nyumbani, si dukani. Kisha kila baada ya miezi mitatu achague ankara moja ya zamani, ajaribu kuirudisha na kuifungua. Isipofunguka, ni heri kulijua hilo leo kuliko siku mkaguzi wa TRA amekaa mezani.