Emuleta si Wizi, Wizi Ni Faili la Gemu

Emuleta ni programu inayoifanya simu au kompyuta itende kazi kama mashine ya gemu ambayo mwenye simu hana. PPSSPP, inayojulikana sana kwa wenye simu za Android, huigiza PSP, mashine ya mkononi ambayo Sony iliitoa Japani Desemba 2004. Mtu akiipakua hapati gemu yoyote ya kampuni ndani yake. Programu hufunguka na kusubiri ioneshwe faili la gemu liko wapi. Kwa hiyo vitu ni viwili, vina watunzi wawili, na sheria huviangalia kimoja kimoja.

Hata hivyo, katika maduka ya kuwekea nyimbo na filamu mjini Songea, kauli inayochosha masikio ni kwamba emuleta na gemu ni kitu kimoja. Kijana husema PPSSPP imo Play Store, basi na gemu zake ni halali. Mzazi wake husema gemu zile ni za wizi, basi na PPSSPP ni ya wizi. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna aliyeuliza kila kipande kimeandikwa na nani.

Swali hilo ndilo msingi wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo pia iliianzisha COSOTA. Sheria hiyo huilinda programu ya kompyuta kama inavyolinda maandishi ya mtunzi. Lakini hailindi wazo, utaratibu wala namna ya kufanya kazi. Namna PSP inavyosoma diski, inavyochora picha na inavyopokea vitufe ni utaratibu, na kila mhandisi ana ruhusa ya kuufikia kwa njia yake. Mistari ya programu ambayo wahandisi wa Sony waliiandika ni utunzi, na huo una mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa redio kaseti: kila kiwanda kiliweza kutengeneza yake bila kumwibia mwanamuziki yeyote, ilhali aliyerudufu kanda na kuziuza alichukua jasho la msanii.

Kesi iliyolichambua jambo hili vizuri ni ya Marekani. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual Game Station, programu iliyoziwezesha kompyuta za Macintosh kucheza diski za PlayStation. Sony ikashtaki. Ilithibitika kwamba wahandisi wa Connectix walinunua PlayStation, wakatoa BIOS yake, yaani programu ya msingi inayoiamsha na kuiendesha mashine, wakainakili mara kadhaa ili kuchunguza inavyotenda. Baada ya uchunguzi wakaandika programu yao wenyewe. Katika bidhaa iliyouzwa hamkuwamo hata mstari mmoja wa Sony. Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu Februari 2000: kunakili kwa ajili ya uchunguzi kulikuwa matumizi ya haki, na bidhaa iliyotokana nako ilikuwa mshindani halali sokoni. Sony kupoteza baadhi ya wateja hakukuugeuza ushindani huo kuwa wizi.

Hukumu ya Marekani haiwafungi majaji wa Tanzania, lakini mgawanyo wa utaratibu na utunzi umo ndani ya sheria yetu. PPSSPP inaupita mtihani huo waziwazi. Ilianzishwa mwaka 2012 na Henrik Rydgård, mwandishi wa programu kutoka Uswidi, na mistari yake yote iko wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua. Haihitaji BIOS ya Sony, kwa sababu kazi ambazo mfumo wa PSP ungezifanya zimeandikwa upya na watu wake. PCSX2, inayoigiza PlayStation 2, nayo ni halali kwa sababu hiyo hiyo, ila huhitaji BIOS halisi. Anayeichukua BIOS hiyo mtandaoni amenakili utunzi wa Sony, ingawa emuleta yenyewe haina doa.

Sasa litazamwe faili lenyewe. Linalopendwa na wapenda soka huitwa PES 2024 au PES 2025, nalo huwekwa kwenye memori kadi kwa shilingi chache. Jina hilo peke yake ni ushahidi, kwani tangu mwaka 2021 kampuni ya Kijapani ya Konami imeacha jina la PES na kuita mfululizo huo eFootball. Faili hilo ni gemu ya zamani ya PSP iliyovalishwa nguo mpya. Likifunguliwa, mara nyingi huwa na sehemu tatu. Folda ya SAVEDATA ina majina ya timu na wachezaji yaliyohaririwa. Folda ya TEXTURES ina picha za jezi mpya. Sehemu kubwa ni faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ya Konami: uwanja, mwendo wa wachezaji, sauti, na hesabu zote zinazouendesha mpira. Kijana aliyechora jezi ametumia kipaji chake, na hakuna anayemnyima sifa hiyo. Lakini jezi hazimpi umiliki wa ISO aliyoiambatanisha, na duka linaloirudufu kwenye simu za watu linauza kazi ya Konami bila idhini ya Konami.

Watetezi hujibu kwamba gemu hiyo ni ya zamani, haiuzwi tena, basi haina mwenyewe. Hoja hii haina miguu. Hakimiliki haifi kwa sababu bidhaa imetoka sokoni. Sheria ya Tanzania humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata kwa hesabu fupi ya miaka 50 tangu gemu kutoka, gemu ya mwaka 2004 ingebaki na mwenyewe hadi 2054. Kuwa Mjapani nako hakumpunguzii mtunzi haki, kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, unaozitaka nchi wanachama kuzilinda kazi za wageni kama za wenyeji. Na inaudhi kwamba hoja hiyo husemwa kwenye meza zile zile ambako nyimbo za wasanii wetu hujazwa kwenye flashi, kisha watu wakashangaa kwa nini msanii wa Tanzania hali kwa kazi yake.

Emuleta nayo ina mpaka. Machi 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga programu yao. Shauri hilo halikusema kuigiza mashine ni kosa. Madai ya Nintendo yalihusu kufungua kufuli za siri zilizowekwa kwenye gemu ili zisinakiliwe, jambo ambalo sheria ya Marekani hulikataza peke yake.

Kwa hiyo duka la Songea likimsakinishia mteja PPSSPP halijavunja hakimiliki ya mtu. Likimwekea gemu ambazo watunzi wake wamezitoa bure, nazo zipo, halijavunja pia. Mteja aliyenunua diski yake ya PSP na kutoa nakala ya kuchezea mwenyewe yuko karibu na nakala ya akiba ambayo sheria nyingi humruhusu mmiliki halali, ili mradi asiigawe. Folda ya ISO za kampuni inayohama kutoka kompyuta ya duka kwenda kwenye kila simu haina kinga hiyo, na uhalali wa emuleta inayozifungua hauwezi kuisafisha.