Mdomo Umefunga, Maana Je?

"Si mdomo umefunga vizuri?" Hilo ndilo jibu ninalopewa studio kila nikilipinga neno "Koma!"

Kwenye katuni, mama anamzuia mtoto asivuke barabara. Kwa Kiingereza anasema "stop": mdomo unakuwa duara kwenye o, halafu unafungwa kwenye p. "Koma!" inaingia hapo sawasawa, o kwa o, m kwa p. Lakini bana, hapa kwetu "koma" ni karipio. Mama mwenye hofu anageuka mkali.

Mimi nasema "Simama!" Sawa, ina silabi tatu, na midomo inakutana mara mbili. Basi "si" ianze mapema, "ma" ya kwanza ikimbizwe, na m ya mwisho iangukie pale p inapofunga. Irabu itabaki nje kidogo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hivyo hilo halikwepeki.

Tulinde m, b na p pale uso unapojaa skrini. Kwingine, maana itangulie. Mtoto hahesabu midomo, lakini anajua sauti ya mama anayefoka.