Mauzo ya kampuni ya kigeni: tuhesabu kwa dola ya siku gani?

Chukua simu yako, tafuta mauzo ya MTN Nigeria ya mwaka 2023. Utakuta karibu naira miliari 2 470. Ukiiweka hesabu hiyo mtandaoni, itabadilishwa kwa bei ya siku hiyo, tuseme naira 1 500 kwa dola moja, nawe utapata dola miliari 1,65. Tafuta sasa Safaricom ya Kenya: shilingi miliari 349 kwa mwaka uliofungwa mwisho wa Machi 2024. Kwa shilingi 129, ni dola miliari 2,7. Basi habari imepatikana: Safaricom inaipita MTN Nigeria kwa zaidi ya asilimia 60. Habari inaandikwa, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Goma na Bukavu, na kesho yake kuna mtu anayeitumia kueleza kwa nini Kenya imeipita Nigeria.

Si kweli. Mwaka ule kubwa ilikuwa MTN Nigeria, na kwa mbali.

Kosa halikutoka kwa kampuni wala kwa simu. Limetokana na kuchukua pesa zilizoingia mwaka 2023 na kuzibadilisha kwa bei ya mwaka mwingine. Hadi mapema Juni 2023, bei rasmi ilikuwa kama naira 460 kwa dola. Katikati ya mwezi huo, benki kuu ya Nigeria iliacha kuishikilia, na bei ikapanda haraka. Mwaka ulifungwa dola ikiwa karibu naira 900, na mwaka 2024 ikavuka 1 500. Naira iliyolipwa na mteja wa Lagos mwezi wa pili 2023 haikuwa na thamani ya naira ya leo.

Mama anayeuza samaki sokoni Kadutu anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Faranga alizopata Januari alizibadilisha Januari, kwa bei ya Januari, akaenda kununua mzigo mwingine. Ukija Desemba, dola ikiwa imepanda, ukamwambia kwamba mauzo yake ya Januari yalikuwa madogo, atakucheka.

Wahasibu nao wanatenganisha vitu viwili. Kuna vitu ambavyo kampuni inavyo siku ya kufunga hesabu, kama pesa zilizo benki na madeni. Hivyo vinabadilishwa kwa bei ya siku ile ya kufunga. Halafu kuna mauzo, ambayo yanaingia kidogo kidogo mwaka mzima. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka kila uuzaji uhesabiwe kwa bei ya siku yake. Kwa sababu hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa mamilioni ya vocha za simu, kanuni inakubali kutumia bei ya wastani ya kipindi kile.

Tufanye hesabu hiyo. Wastani wa mwaka 2023 ulikuwa karibu naira 645 kwa dola. Miliari 2 470 gawanya kwa 645 ni dola miliari 3,8. Kwa Safaricom, miezi kumi na miwili ya mwaka wake ilikuwa na wastani wa karibu shilingi 146, kwa hiyo ni dola miliari 2,4. Sasa MTN Nigeria ndiyo inayoongoza kwa karibu asilimia 60, kinyume kabisa cha habari ya kwanza. Na kama tungetumia bei za siku ya kufunga, karibu naira 900 kwa moja na shilingi 132 kwa nyingine, tungepata miliari 2,7 na 2,6, tuseme kampuni hizi ziko sawa. Hesabu ni zilezile, majibu ni matatu.

Hata hivyo, wastani nao una mipaka yake, na kanuni yenyewe inaonya kwamba haufai pale bei inapoyumba sana. Mwaka wa naira ulikuwa kama miaka miwili iliyofungwa pamoja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba nusu ya mauzo iliingia kabla ya Julai kwa wastani wa naira 480, na nusu nyingine baada yake kwa naira 800. Nusu ya kwanza inatoa dola miliari 2,6, ya pili 1,5. Jumla ni 4,1, zaidi ya ile 3,8. Lakini hapa lazima mtu aulize kama ile bei ya 460 ilikuwa bei ya kweli. Mitaani Lagos, miezi ileile, dola ilikuwa inauzwa karibu naira 750, na wengi waliotaka dola kwa bei ya benki hawakuipata. Ukihesabu nusu ya kwanza kwa bei ya mtaani, jumla inashuka hadi miliari 3,2. Kwa hiyo mwandishi mwaminifu ataandika kwamba mauzo ya MTN Nigeria yalikuwa kati ya dola miliari 3 na 4, na kwamba kwa njia zote hizo inaipita Safaricom. Ni kweli zaidi kuliko kutoa namba moja yenye desimali mbili.

Hatari kubwa zaidi inakuja pale tunapolinganisha mwaka na mwaka. Kwa naira, MTN Nigeria ilipanda kutoka miliari 2 012 mwaka 2022, yaani karibu asilimia 23. Kwa dola za siku ya kufunga, ilianguka kwa zaidi ya theluthi. Je, antena zilianguka? Hapana, ilifunga mwaka ikiwa na wateja karibu milioni 80. Ila kule kupanda nako kusitudanganye, kwa sababu bei za vitu Nigeria zilipanda kwa zaidi ya asilimia 24 mwaka ule. Ukiondoa hiyo, kampuni ilibaki karibu palepale.

Kisha kuna hatua ya mwisho, ya kufika kwenye faranga zetu. Dola za 2023 zinataka faranga ya 2023, ambayo kwa wastani ilikuwa karibu 2 350. Dola miliari 3,8 ni basi faranga karibu miliari 9 000. Anayetumia bei ya mwanzo wa 2025, zaidi ya 2 800, anapata miliari 10 600 na zaidi. Kisha Septemba na Oktoba mwaka huohuo, faranga ilipopata nguvu ghafla na dola ikashuka chini ya 2 500, mtu yuleyule angepata chini ya 9 500. Zaidi ya faranga miliari elfu moja zimepotea, na kule Nigeria hakuna hata simu moja iliyozimwa.

Wasomaji wetu wanakutana na jambo hili karibu zaidi kuliko Lagos. Vodacom Congo inafanya biashara kwa kiasi kikubwa kwa dola, lakini kundi lake la Afrika Kusini linatoa hesabu kwa randi. Randi ikishuka, Congo inaonekana imeuza zaidi. Ikipanda, inaonekana imeuza kidogo. Anayetaka kujua ukubwa wake hapa nchini airudishe randi kwenye dola kwa wastani wa mwaka uleule wa hesabu, unaoanza Aprili na kuisha Machi. Na sisi tunaoandika, kila tunapoweka namba ya dola au faranga mbele ya jina la kampuni ya nje, tuweke kando yake pesa ya asili, kipindi chake na bei tuliyotumia. Ni mstari mmoja tu, na msomaji ataweza kurudia hesabu mwenyewe.