Tusafishe insha bila kumfuta mwandishi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ina hekima, wala sina ugomvi nayo. Hata hivyo, mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kuharibu insha ya mwanafunzi wangu, nami nakiri kosa hilo leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa. Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa mwandishi wa kusifiwa, aliniletea insha kuhusu siku ambayo hataisahau. Kisehemu chake kimoja kilikuwa hivi:

"Mama aliniamsha saa kumi. Kulikuwa bado giza. Mtungi yetu ilikuwa na ufa, kwa hivyo mama aliufunga na sabuni. Maji ilikuwa inatoka kidogo kidogo na mgongo wangu ilikuwa baridi. Nilipofika nyumbani mtungi ilikuwa nusu. Mama hakusema kitu. Aliangalia mtungi, halafu akaniangalia."

Nilitaka insha hiyo isomwe mbele ya wazazi, kwa hivyo niliichukua nyumbani nikaisafisha. Ilirudi shuleni ikiwa hivi:

"Alfajiri na mapema, majogoo walipokuwa wakiwika kuikaribisha siku mpya, mama mzazi aliniamsha kutoka katika usingizi mnono. Niliondoka mbio mithili ya mshale kuelekea mtoni. Lo! Mtungi wetu ulikuwa ukivuja. Ama kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliporejea, mama alinitazama kwa macho yaliyojaa huzuni isiyo na kifani."

Sarufi ilikuwa safi. Nilimpa asome kwa sauti. Aliposoma sentensi ya kwanza alisita, akainua macho na kusema kwa adabu, "Mwalimu, sisi hatufugi jogoo." Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mpenzi msomaji, linganisha maandishi hayo mawili. Sabuni imekwenda wapi? Kila aliyewahi kuteka maji kwa mtungi wa plastiki uliopasuka anajua kwamba kipande cha sabuni ya mche husindikwa ufani ili kupunguza uvujaji. Jambo hilo moja lilinionyesha hali ya nyumba ile kuliko ukurasa mzima wa maelezo kuhusu umaskini. Nami nililifuta, kisha mahali pake nikaweka methali inayomlaumu mama kwa kutoziba ufa, ilhali mwanawe alikuwa amekwisha kutueleza kwamba aliuziba! Methali iliyopachikwa kwa ajili ya urembo huweza kusema kinyume cha habari yenyewe, na mpachikaji asitambue.

Kosa la pili lilikuwa katika mwendo wa sentensi. Mvulana yule huandika kwa sentensi fupi, na ufupi huo ndio ulioutia uzito ukimya wa mama yake. "Mama hakusema kitu." Maneno matatu tu. Badala ya kumwacha msomaji asimame hapo na kujiuliza mama aliwaza nini, niliharakisha kumpa jibu: huzuni isiyo na kifani. Huenda haikuwa huzuni. Huenda ilikuwa hasira, au uchovu, au huruma kwa mtoto aliyelowa mgongo. Mwandishi hakusema, nami sikuwa na haki ya kumsemea.

Je, tuziache insha na makosa yake? Hasha. Mwanafunzi anayeandika "mtungi yetu" anastahili kusahihishwa, maana mtahini hatamhurumia. Lakini lazima tutofautishe kosa na tabia ya mwandishi. Upatanisho wa kisarufi, tahajia na alama za uandishi zina sheria. Hapo mwalimu ana mamlaka kamili. Urefu wa sentensi, uteuzi wa jambo la kutaja na la kunyamazia, na neno la kawaida mahali ambapo wengine wangeweka la fahari, hayo ni ya mwandishi mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuata utaratibu mwingine. Kwanza, naisoma insha bila kalamu nyekundu na kutia mstari chini ya yale ambayo mwanafunzi huyo pekee angeweza kuyasema. Katika kisehemu hiki ni sabuni, mgongo baridi na ukimya wa mama. Hayo hayaguswi. Pili, narekebisha yaliyovunja sheria. Hapa yalikuwa maneno sita tu ya upatanisho, pamoja na "kulikuwa bado giza", ambayo inahitaji "na". Tatu, palipo na utata simjazii mwandishi kwa ufundi wangu, namuuliza.

Nilimwita mvulana yule nikamuuliza, "Ufa hufungwa au huzibwa?" Akajibu mara moja kwamba huzibwa. "Basi ikiwa mama aliuziba, maji yalitokaje?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la wazi mno. "Sabuni ililainika njiani, Mwalimu." Nilimwambia aliandike hilo kama alivyolitamka. Insha ikawa hivi:

"Mama aliniamsha saa kumi. Kulikuwa bado na giza. Mtungi wetu ulikuwa na ufa, kwa hivyo mama aliuziba kwa sabuni. Njiani sabuni ililainika. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo na mgongo wangu ulikuwa baridi. Nilipofika nyumbani mtungi ulikuwa nusu. Mama hakusema kitu. Aliuangalia mtungi, halafu akaniangalia."

Sentensi moja tu ndiyo iliyoongezeka, nayo ilitoka kinywani mwake. Alipoisoma darasani hakusita popote, wala hapakuwa na aliyecheka.

Kusita huko ndiko kipimo changu hadi leo. Mwandishi akisoma maandishi yake yaliyosafishwa na kujikwaa kwenye neno, yamkini neno hilo si lake. Kipimo kingine ni kulifunika jina lililo juu ya karatasi. Ikiwa insha tano zilizosahihishwa na mwalimu mmoja zote zinaanza kwa jogoo na kuishia kwa methali, basi aliyeandika ni mwalimu, na wanafunzi wamemwazima majina yao.

Nakubali kwamba kuna mipaka. Barua rasmi, kumbukumbu za mkutano na ripoti zina miundo yake, na humo sauti ya mtu binafsi hupungua kwa haki. Nakubali pia kwamba hofu ya mtihani ndiyo inayotusukuma kuwakaririsha watoto vifungu vya mapambo. Lakini mtihani unataka ubunifu pamoja na lugha sanifu, na mtahini aliyekwisha kuwasikia majogoo mia moja wakiwika hawezi kushangazwa na wa mia na moja. Aliyewahi kukutana na sabuni ufani ataikumbuka.

Hata vitabuni mambo ni hivyo. Marehemu Katama Mkangi aliipa riwaya yake ya mwaka 1995 jina la Walenisi, yaani wale ni sisi, maneno matatu yaliyounganishwa kwa makusudi. Mhariri mwenye pupa angeyatenganisha kwa jina la usanifu, na fumbo lote lingepotea.

Nanyi wanafunzi, mwalimu akikurudishia insha iliyong'arishwa, isome kwa sauti kabla ya kuinakili. Ukikuta ndani yake jogoo ambaye hamumfugi, mwambie kwa heshima. Mimi niliambiwa, na nilifaidika.