Soseji, Sigara na Ujumbe wa Mistari Mitano

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe ule ule hurudi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Herufi kubwa, alama tatu za mshangao, picha ya fuvu: "WHO YATHIBITISHA: SOSEJI NI HATARI KAMA SIGARA!!! Sambaza uokoe maisha." Mara ya mwisho aliyeutuma ni mama mdogo, na chini yake binamu akauliza kama mbuzi wa kuchoma wa Jumapili naye yumo. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisoma habari yenyewe.

Habari ipo, na si ya kutungwa. Tarehe 26 Oktoba 2015, IARC, chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon, Ufaransa, kilitangaza uamuzi wa wataalamu 22 kutoka nchi 10 waliopitia tafiti zaidi ya 800. Nyama iliyosindikwa, yaani soseji, bekoni, nyama za kopo na jamii yake, iliwekwa Kundi la 1: vitu ambavyo ushahidi unatosha kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu, ng'ombe na mbuzi wakiwemo, iliwekwa Kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vikasababisha. Sigara nayo imo Kundi la 1, na hapo ndipo aliyeifupisha habari hii alipojikwaa.

Makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi. Hayapimi ukubwa wa madhara. Hakimu anaweza kuwatia hatiani watu wawili asubuhi moja, mmoja kwa kuiba kuku na mwingine kwa kuiba basi. Wote wawili ni wezi bila shaka yoyote, lakini hakuna atakayesema kuku ni sawa na basi. WHO yenyewe, katika maelezo iliyotoa wakati ule, ilinukuu makadirio ya vifo vya saratani kama 34,000 kwa mwaka duniani kote vinavyohusishwa na ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa. Vya sigara vilikaribia milioni 1.

Lugha yetu nayo inachangia. Neno "hatari" tunalitumia kwa kitu kinachoweza kudhuru, na tunalitumia vile vile kwa kiasi cha uwezekano wa kudhurika. Nyoka aliye kwenye chupa ni hatari, nyoka aliye kitandani ni hatari. Makala ndefu ina nafasi ya kuonyesha tofauti. Ujumbe wa mistari mitano hauna, kwa hiyo mimi nikifupisha habari ya afya nalikimbia neno hilo kabisa na kuandika "uwezekano wa kupata".

Kuna namba moja ambayo magazeti mengi yaliichapa: anayekula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku, uwezekano wake wa kupata saratani ya utumbo mpana hupanda kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja ya wastani. Ujumbe unaosambazwa huibakiza asilimia na kuziangusha gramu pamoja na maneno "kila siku". Msomaji anabaki akiamini kwamba kati ya walaji soseji 100, 18 watapata kansa.

Tupige hesabu. Chukua nchi ambako watu 5 kati ya kila 100 huupata ugonjwa huo katika maisha yao. Asilimia 18 ya 5 ni 0.9. Kwa hiyo watu 100 kama hao wakila soseji kila siku kwa miaka yote, wagonjwa watakuwa karibu 6 badala ya 5. Ongezeko ni mtu mmoja. Si jambo la kupuuza kwa taifa la mamilioni ya watu, lakini ni habari tofauti kabisa na ile ya watu 18. Na kwetu Afrika Mashariki saratani hii huwapata watu wachache kuliko Ulaya, hivyo ongezeko lingekuwa chini hata ya huyo mmoja. Asilimia ya ongezeko bila kutaja imeongezeka kutoka wapi, bora isiandikwe.

Sasa swali la binamu. Baadhi ya makala za wakati ule zilikuwa na jibu lake, ila lilikaa chini, mahali ambapo mfupishaji hafiki. Wataalamu wale walijua kwamba kuchoma nyama kwenye moto mkali huzalisha baadhi ya kemikali zinazoshukiwa, lakini walisema takwimu hazikutosha kuamua kama namna ya kupika inaongeza uwezekano wa saratani. Anayeandika "nyama choma inaleta kansa, wasema wataalamu" amewawekea watu mdomoni neno walilokataa kulitamka. Ndiyo maana siku hizi makala ya namna hii naianzia mkiani. Kichwa cha habari mara nyingi huandikwa na mhariri ili kivute macho, na masharti ya mwandishi huzikwa chini. Nikishayapata masharti, najiuliza ni lipi ambalo likitolewa habari inageuka. Hilo halitoki, hata ujumbe ukirefuka.

Kwa habari hii, mimi ningetuma hivi:

"Oktoba 2015, wataalamu wa saratani wa WHO (IARC) walisema upo ushahidi wa kutosha kuwa nyama iliyosindikwa, mfano soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana. Mahali ambapo watu 5 kati ya 100 huipata, wakila soseji moja kila siku wangekuwa kama 6. Haina maana kuwa soseji ni sawa na sigara. WHO haikusema tuache kabisa. Ilisema kupunguza kunasaidia."

Ni maneno hamsini na kitu. Mwaka umo, maana bila mwaka habari ya 2015 itasomwa kama ya jana. Aliyesema yumo, kwa jina, badala ya "imebainika". Nilimsomea mama mdogo ujumbe huo kwa simu, nikamwomba anirudishie alichoelewa. "Kumbe tupunguze tu," akasema. Angesema kitu ambacho makala imekikana, ningerudi kuandika upya.

Wapo wanaonipinga, na si wajinga. Nesi mmoja wa ukoo wetu huniambia: watu hawaachi kitu mpaka watishwe, kutia chumvi kidogo kuna ubaya gani? Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Aliyeambiwa soseji ni sigara, kisha akaona jirani anakula soseji miaka ishirini na mzima wa afya, hataishia kuidharau habari ya soseji. Siku ya pili ataidharau na ya sigara, ambayo kweli inaua.

Pale ninapolegea ni kwenye tahadhari za dharura. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania, kukosea kwa upande wa kujihadhari kulikuwa na gharama ndogo kuliko kuchelewa. Hata hapo, kilichomfaa mvuvi wa Mafia ni tarehe na eneo kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilivyovitaja. "Kimbunga kikali kinakuja, Mungu atunusuru" hakikumwambia avute mtumbwi lini.

Na kama umeshatuma na umegundua kosa, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe wako. Nakala ambazo wenzako wameshazisambaza hazibadiliki.